Mstari Uliofuata

Orodha ilitoka Jumatatu, na kufikia adhuhuri kila mwenye simu kuanzia Rugera mpaka Murongo alikuwa ameiona. Majina mia mbili na kumi na manne. Jina, umri, kijiji, namba ya simu, tarehe mtu aliyoanza dawa. Walikuwa wagonjwa wanaochukua dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi katika hospitali yetu ya kanisa hapa Karagwe, watu ambao wengine walikuwa wakipanda bodaboda kutoka tarafa nyingine kabisa ili tu wasikutane na jirani kwenye foleni. Sasa jirani alikuwa nayo orodha mkononi, tena ameshaisambaza kwenye kundi la kwaya.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta wa hospitali hiyo. Barua yangu ya ajira inasema Ofisa TEHAMA, lakini printa ikikwama ninaitwa, runinga ya wodi ya wazazi ikikataa ninaitwa, na siku moja niliitwa kwa sababu ya nyuki. Jina langu ni Placidius, kwetu ni Muleba, na nina hasira za karibu. Mke wangu atakuthibitishia bila kulipwa.

Saa saba mchana Katibu wa hospitali, Mzee Protase, aliniita ofisini. Alikuwa ameweka simu yake juu ya meza, orodha ikiwa imefunguliwa, kama mtu aliyeweka nyoka aliyekufa ili wenzake wamtazame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Placidius, nataka karatasi. Karatasi moja inayosema nani ametoa haya majina. Ijumaa kamati inakaa."

"Nipe muda niangalie seva, mzee."

"Angalia. Lakini tusizunguke. Ile kliniki ni ya nani? Ni ya Gloriose. Kompyuta ile anaigusa nani? Gloriose. Kikulacho ki nguoni mwako."

Gloriose Uwiduhaye alikuwa muuguzi kiongozi wa kliniki hiyo kwa miaka kumi na saba. Alizaliwa Rugera na akasomea Rugera, lakini babu yake alivuka kutoka Rwanda, na hapa kwetu mtu wa namna hiyo huwa Mtanzania siku za amani tu. Jambo likiharibika, watu hukumbuka babu. Mzee Protase hakulitaja hilo. Alisema tu kwamba "ana ndugu wengi ng'ambo," akaniacha nimalizie sentensi mwenyewe.

Nilikwenda kwenye chumba cha seva, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mablanketi na bado kinanuka dawa ya nondo. Mfumo wetu wa wagonjwa unakaa pale, kwenye mashine moja, na unafunguliwa kwa kivinjari kama tovuti yoyote. Unafikika pia kutoka nje, kwa sababu kituo chetu kidogo upande wa Kyerwa, karibu na mpaka, hutuma taarifa zake kupitia mtandao. Wenzetu wa kule hutumia laini za Uganda kwa kuwa ndizo zinazoshika, kwa hiyo sikuweza kufungia anwani za nje ya nchi, na kwa miaka mitatu anwani za kigeni kwenye kumbukumbu za seva hazikuwahi kunishtua. Nilizizoea. Hilo liwekwe kwenye hesabu yangu, nalo si kubwa kuliko mengine.

Kwanza niliitazama orodha yenyewe. Ilikuwa na safu moja ya namba za zamani za kadi, tulizoacha kuzitumia kabla sijaajiriwa. Safu hiyo ipo ndani ya hifadhidata, lakini hakuna skrini inayoionyesha wala ripoti inayoichapa. Muuguzi hawezi kuinakili kwa sababu hawezi kuiona. Aliyetoa orodha alikuwa ameingia nyuma ya skrini, akachota kisimani moja kwa moja.

Sikuizima seva na sikufuta kitu. Nilichomoa kebo ya mtandao, nikanakili diski nzima pamoja na kumbukumbu zote kwenye diski ya pembeni, nikafanya kazi kwenye nakala. Hilo nililijua. Kuna mambo ninayajua.

Kisha nikaiuliza nakala: nionyeshe kila faili lenye msimbo wa PHP, lugha iliyoandikiwa mfumo wetu, lililokaa mahali pasipostahili. Folda ya picha, ambayo kazi yake ni kuhifadhi picha za fomu na eksirei, ilinijibu kwa faili moja lililoitwa kache.php. Picha haziitwi hivyo. Faili la PHP kwenye folda ya picha ni nguruwe kwenye zizi la mbuzi, na seva yangu, kwa uvivu wangu, ilikuwa radhi kuliendesha.

Nililifungua kama maandishi tu, bila kuliendesha. Lilikuwa na mistari sita. Mitano ilikuwa ya kuzuga tu, na wa sita ulikuwa mkia mrefu wa herufi zisizosomeka. Niliondoa neno la mwisho, lile linaloamuru "tekeleza," nikaweka "chapa" badala yake, nikauendesha kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Herufi zikafunguka. Ilikuwa sheli ya wavuti, kitu kidogo cha kutisha: ukilipelekea faili hilo ombi lenye neno lake la siri, linachukua amri uliyoambatanisha na kuitekeleza ndani ya seva kana kwamba umekaa mbele yake. Usipokuwa na neno hilo, linakupa ukurasa mweupe. Mtu angeweza kulifungua kwa bahati mbaya mara mia na asione kitu.

Nikaingia kwenye kumbukumbu za seva, zile ambazo sisi tunaziita logi. Kila anayegonga mlango wa seva huandikiwa mstari: anwani yake, saa, alichoomba, jibu alilopewa na ukubwa wa jibu hilo. Nilikuwa nimeziwekea muda wa miezi sita badala ya wiki mbili zilizokuja nazo, na nikajipongeza. Nikatumia grep, amri inayochuja mistari na kukuachia yenye neno unalolitaka. Nikaiomba jina la faili.

Ilitema mistari arobaini na mmoja. Wa kwanza ulikuwa wa tarehe 9 Aprili, wa mwisho wa tarehe 2 Mei. Yote ilitoka anwani moja, mashine ya kukodi huko Ulaya, na yote ilikuwa ya kutuma, si ya kusoma, kwa hiyo amri zenyewe hazikuandikwa. Logi za aina hii haziandiki kilichomo ndani ya bahasha. Majibu mengi yalikuwa madogo. Moja, la tarehe 2 Mei, lilikuwa kubwa kiasi cha kushangaza. Nililitoa jedwali la wagonjwa wa kliniki ile kwenye nakala yangu, nikalipima. Ukubwa ulikaribiana kabisa. Hapo ndipo majina yalipotoka.

Baadaye, kwenye sanduku la barua pepe la hospitali ambalo hakuna alisomaye, nilikuta barua mbili za vitisho kwa Kiingereza kibovu: lipeni, la sivyo tunaianika orodha. Ya pili ilikuwa imekaa hapo siku nane.

Bado swali la Mzee Protase lilibaki palepale. Mwizi wa Ulaya aliingia kwa mlango, sawa, lakini nani aliujenga huo mlango? Faili lilisema limebadilishwa mwisho mwaka 2019. Tarehe hiyo haina maana, yeyote anaweza kuibandika. Kuna nyingine ambayo mfumo hujiandikia wenyewe faili linapoguswa, na hiyo si rahisi kuidanganya. Ilisema: 3 Machi, 07:46:31. Saa moja na dakika arobaini na sita asubuhi.

Katika mfumo wetu kila kitu kinachopandishwa, iwe picha au chochote, hupitia anwani moja, /pakia. Nikaiomba grep inipe kila /pakia ya asubuhi ile. Ikanipa mstari mmoja tu kabla ya saa mbili: 07:45:52, imepokelewa, kutoka anwani ya ndani inayoishia na 23. Hiyo ni kompyuta ya kliniki. Nikafungua daftari la mfumo wenyewe kuona ni akaunti ya nani ilikuwa imeingia. Ilikuwa ya Gloriose Uwiduhaye.

Nitasema ukweli. Nilisikitika kama dakika moja, kisha nikafurahi. Nilikuwa nimechimba kuanzia mchana wa Jumatatu hadi Jumanne jioni, na nilikuwa na jibu. Mtu wa kompyuta hospitalini hapewi heshima nyingi, na mimi nilitaka kuingia kwa Katibu na kitu mkononi. Nilichapa mistari mitatu, nikaigongea muhuri, nikampelekea.

"Umefanya kazi," Mzee Protase alisema, na akanipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumatano asubuhi Gloriose alisimamishwa kazi. Alitoka na mkoba wake mbele ya wagonjwa. Nilikuwa kwenye kibaraza, nikageukia ukutani kana kwamba kuna waya naukagua. Mchana ule ule zikaja habari za Mzee Sebahire, kibarua wa vibanja, yaani mashamba ya nyumbani ya kahawa, na mzee wa kanisa, jina la themanini na nane kwenye orodha. Miaka saba alikuwa amewaficha watoto wake. Alikutwa amejitoa uhai nyuma ya nyumba yake, na pembeni yake kulikuwa na kopo la dawa zake, zimehesabiwa vizuri, hakuruka hata siku moja.

Sikulala vizuri, na si kwa ajili ya Sebahire peke yake. Kuna kitu kilikuwa kinanikera kwenye karatasi yangu. Faili lilizaliwa 07:46:31. Kilichopandishwa kilipokelewa 07:45:52. Kuna sekunde thelathini na tisa katikati. Ukipandisha picha kwenye mfumo wetu, inaandikwa kwenye folda papo hapo. Sekunde hizo zilikuwa za nini? Bibi yangu alikuwa akisema haraka haraka haina baraka, nasi tulikuwa tukimcheka kwa sababu alikuwa mtu wa polepole mpaka ugali unaungua.

Alhamisi asubuhi nilikuwa natoka getini nilipokutana na Restuta, anayetunza daftari la kanisa dogo la hospitali. Hospitalini kwetu kila mtumishi wa zamu ya mchana huanza na sala, saa moja na nusu mpaka saa mbili kamili. Kengele ikilia unaacha ulichoshika. Restuta anasimama mlangoni na daftari. Ikifika saa moja na nusu anapiga mstari mwekundu, na aliye chini ya mstari jina lake linasomwa mwisho wa mwezi mbele ya wote. Watu wazima wanakimbia kwa sababu ya ule mstari. Mimi siendi. Niliomba ruhusa tangu mwaka wa kwanza, nikasema seva inahitaji mtu muda ule, ambao ulikuwa uongo mtupu.

"Dada Restuta," nikamwambia, "una daftari la Machi?"

"La nini, wewe usiyesali?"

"Nionyeshe tu tarehe tatu."

Alinipeleka kanisani, akalitoa kabatini, akalifungua polepole huku akinitazama. Tarehe 3 Machi, Jumatatu. Jina la sita: Gloriose Uwiduhaye, na sahihi yake, juu kabisa ya mstari mwekundu. Pembeni, kwa mwandiko wa Restuta: somo la leo.

"Alisoma yeye," Restuta akasema. "Nakumbuka, alipoteza miwani, akasoma kwa miwani ya mchungaji. Hakutoka mpaka baraka. Placidius, hivi hawakuniuliza. Ningewaambia."

Nilimshukuru, nikarudi stoo ya mablanketi nikikimbia. Gloriose hakuwepo kwenye kiti. Alikuwa ameitikia kengele na kuiacha kompyuta wazi, kama walivyofanya wote kila siku, na mtu mwingine akakaa. Nikafanya sasa kile nilichotakiwa kukifanya Jumanne. Grep hukuonyesha ulichouliza tu. Nilikuwa nimeiuliza /pakia na nimeiuliza kache.php, nikapata majibu mawili, nikayafunga pamoja kwa uzi wangu mwenyewe. Safari hii sikuiuliza neno. Nilifungua logi ya asubuhi ile nzima, nikasoma kila mstari wa anwani ile ya 23, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole.

Kabla ya /pakia, mtu yule alikuwa amefungua ukurasa wa msimamizi, sehemu ya moduli, yaani vipande vya ziada vinavyoongezwa kwenye mfumo. Kilichopandishwa hakikuwa picha. Mstari uliofuata, 07:46:31, sekunde ile ile lilipozaliwa faili, ulisema: moduli, washa, ripoti.

Nilikaa nikiutazama mpaka macho yakaniwasha. Moduli ya ripoti niliiweka mimi.

Yote yalinirudia, tena bila kunionea huruma. Mwanzoni mwa Machi ripoti ya mwezi ya kliniki ilikuwa haichapiki, na wilayani walikuwa wanaidai. Moduli halali ya kuitengeneza ilikuwa ya kununua. Niliomba, nikaambiwa nisubiri bajeti. Nikaichukua kwenye kundi la mafundi mtandaoni, ile iliyovunjwa leseni, bure, imefungwa kwenye zipu moja. Jumatatu asubuhi nikaenda chumbani kwa Gloriose. Kengele ilikuwa imelia, chumba kilikuwa kitupu, kompyuta yake ilikuwa wazi. Nilitakiwa kutoka kwenye akaunti yake na kuingia kwa yangu. Sikutaka kuandika nywila yangu ndefu. Tena akaunti yake ilikuwa na mamlaka ya msimamizi, ambayo nilimpa mimi ili asinisumbue kila mtu wake akisahau nywila. Nikachomeka flashi, nikapandisha, nikawasha. Gloriose aliporudi kutoka sala alikuta ripoti inachapika. Akaniambia Mungu anibariki.

Niliyafungua mafaili ya zipu ile kwenye nakala. Katika faili la kuwashia, chini kabisa, baada ya nafasi tupu ndefu kama ukurasa, kulikuwa na mistari miwili. Mmoja uliandika kache.php kwenye folda ya picha na kulibandika tarehe ya 2019. Mwingine ulituma anwani ya seva yetu nje, kwa walioutega mtego huo. Mtu angepaswa kuteremsha mpaka chini kabisa ili aione, nami sikuteremsha.

 Kisha nikaandika ripoti upya, kurasa nne, na kila mstari wa logi ukiwa mahali pake. Pale palipohitaji jina niliandika jina langu. Ningependa kusema sikusita. Nilisita tangu saa nne mpaka saa nane mchana, na katika muda huo nilifikiria ada za watoto, nikafikiria pia jinsi ilivyo rahisi kufuta mstari mmoja kwenye faili ambalo mimi peke yangu najua kulisoma.

Ijumaa kamati ilikaa: Mzee Protase, mganga mfawidhi Daktari Eugenia, na wazee wawili wa bodi. Gloriose alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, amevaa gauni la kanisani. Niliwapa shikamoo, nikamwamkia na yeye, akaitikia.

Nilisoma kurasa zote nne. Niliwaeleza mambo ya sekunde thelathini na tisa, daftari la Restuta, na mstari uliofuata. Nikasema: "Karatasi niliyoleta Jumanne haikuwa kamili. Aliyekaa kwenye kompyuta ya Dada Gloriose ni mimi. Aliyeingiza faili ni mimi. Sikujua kilichomo, lakini nililichukua mahali ambapo mtu mwenye akili hachukui. Yeye hana kosa."

 Mzee Protase alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umesema kweli, na ni jambo jema," akasema. "Lakini kompyuta iliachwa wazi na nani?"

"Na yeye, mzee. Kwa sababu ya kengele yenu."

"Kengele haisemi acha kompyuta wazi." Akafungua jalada. "Kanuni ya saba ya matumizi ya mfumo. Mtumishi ataondoka kwenye akaunti yake kila anapoinuka, na atawajibika kwa yote yatakayofanyika kwa jina lake. Amesaini hapa. Kanuni hizi ziliandikwa na nani?"

Niliziandika mimi. Nilizinakili mahali fulani usiku wa kuamkia ukaguzi, wala sikutegemea mtu azisome.

Daktari Eugenia, ambaye ni mwanamke wa haki na nilikuwa nimemtegemea, aliniuliza kwa sauti ya uchovu. "Placidius, seva ile itarudi lini?"

"Lazima ijengwe upya yote, daktari. Huwezi kuiamini tena. Siku nne, tano."

"Wodi zinaandika kwenye karatasi tangu Jumatatu. Jana tumekosea dozi ya mtoto, tukaiona mapema kwa bahati. Kuna mtu mwingine hapa Karagwe anaweza kuijenga?"

Nilitaka kusema yupo. Nilijaribu kumtafuta kichwani mtu huyo nimtaje, nikamkosa.

"Basi," akasema, na hakunitazama tena.

Nikasema nitaacha kazi. Mzee Protase akaniambia, bila ukali wowote, kwamba nikiondoka leo nitaacha majina ya wagonjwa elfu kumi na mbili wa hospitali nzima kwenye mashine yenye mlango wa nyuma, na je, hilo ndilo ninalotaka. Kisha akageukia wenzake, akasema kuna watu nje, kuna msiba wa Sebahire, kuna baba askofu anapiga simu, na watu wanataka kuona mtu ametoka. Mimi nikapewa barua ya onyo. Gloriose akaachishwa kazi kwa kanuni ya saba.

Na nilifarijika. Hilo ndilo siwezi kulisamehe. Katikati ya aibu yote ile, kifua changu kilishuka, nikapumua, nikawaza kwamba watoto watarudi shule.

Kazi yangu ya kwanza, kwa maandishi, ilikuwa kumpokea vitu na kufunga akaunti yake. Tulikwenda pamoja mpaka chumba cha kliniki. Kwenye benchi la nje, ambapo Ijumaa huwa wanakaa watu thelathini, walikuwepo wanne. Wengine walikuwa wameacha kuja. Katika wiki ile sitini na mmoja walikosa siku yao ya dawa, na simu zao zilikuwa zimezimwa, kwa sababu namba nazo zilikuwa kwenye orodha.

Niliketi kwenye kiti chake, nikaifungua akaunti yangu kwanza, safari hii, kwa nywila ndefu. Nikaitafuta yake. Nikaifunga. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo cha shati.

"Dada Gloriose," nikasema, "nimesema yote. Uliona."

"Niliona."

"Nitakata rufaa pamoja na wewe. Nitaandika."

"Andika, mwana waitu, ndugu yangu." Alikuwa anakunja koti lake jeupe juu ya meza, mkono kwa mkono. "Sebahire nilimpokea mimi siku ya kwanza. Alikaa hapo ulipokaa akaniuliza, majina haya yanakwenda wapi? Nikamwambia, yanakwenda kwenye kompyuta, ina nywila, hakuna atakayeona. Nilimwambia kwa sababu wewe uliniambia."

Nilitoa fomu.

Fomu ya makabidhiano ilikuwa na mistari minane. Funguo, akampa muuguzi wa zamu. Muhuri, akauweka mezani. Mstari wa saba ulisema: daftari la ufuatiliaji wa wagonjwa majumbani. Lilikuwa kwenye mkoba wake. Nililiona, jalada gumu la kijani lililofungwa na mpira. Humo alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa miaka kumi na saba, nani anakaa nyuma ya kibanja cha nani, nani asiitwe kwa jina mbele ya mume, nani apigiwe hodi mlango wa jikoni. Hakuna mashine iliyokuwa nayo hiyo. Ni kitu pekee kilichobaki ambacho kingeweza kuwafikia wale sitini na mmoja.

"Hilo ni mali ya hospitali," nikasema, kwa kuwa fomu ilikuwa mbele yangu.

"Ndiyo."

"Wataniambia niliingize kwenye mfumo."

"Najua watakuambia." Alifunga zipu ya mkoba. "Kesho nakwenda kwa watu wangu kwa miguu. Watanifungulia au hawatanifungulia."

Angeweza kushtakiwa kwa kuondoka nalo, na mimi kwa kumwachia. Pengine kulibeba daftari lile njiani ni hatari mpya kwa watu wale wale. Sijui. Mpaka leo sijui. Nilichukua kalamu, na kwenye mstari wa saba nikaandika "limepokelewa," nikatia sahihi yangu. Gloriose aliusoma mstari ule, akaniangalia usoni, wala hakuniambia Mungu anibariki. Alichukua mkoba, akapita katikati ya wale wanne kwenye benchi akiwaamkia mmoja mmoja bila kuwataja majina, akaenda.